Friji iliyosafirishwa imelala: subiri saa ngapi kabla ya kuiwasha

Mwezi huu nimemfungia mzigo mama mmoja mwenye duka la vinywaji Ukerewe. Alinunua friji ya milango miwili, iliyotumika, hapa Kirumba, Mwanza. Kibanda cha gari lililoipeleka bandarini kilikuwa kifupi, ikabidi ilazwe, na kwenye meli ikabaki hivyohivyo. Simu tulizopigiana siku ile na kesho yake ndizo zilizonifanya niandike hatua hizi.

Hatua ya 1: Kuilaza

Ikiwezekana isimame, isimame. Ikishindikana, zunguka nyuma chini utazame kompresa, lile dubwana jeusi la duara. Kuna paipu nene inayorudisha gesi ya baridi na nyembamba inayotoa gesi ya moto. Ilaze friji kwa ubavu ambao utaiacha ile paipu nene ikitokea upande wa juu wa kompresa. Usiilaze kwa mgongo wala kwa mlango. Mlango ufunge kwa mpira wa tairi la ndani la pikipiki. Kamba ya katani mimi siitaki, kwa sababu inalegea barabarani na kukata raba ya mlango.

Hatua ya 2: Andika saa

Andika saa uliyoilaza na saa uliyoisimamisha mara ya mwisho. Iandike kwa kalamu kwenye boksi au kwenye selotepu, usitegemee kichwa.

Hatua ya 3: Kusubiri

Ndani ya kompresa kuna mota na pistoni, vimekaa juu ya springi, na chini yake kuna oili, kama robo lita hivi kwa friji za nyumbani. Hakuna pampu nyingine ya oili. Shafti ya mota ndiyo inayoinyonya kutoka chini na kuirusha juu inapozunguka. Kwa hiyo oili isipokuwa chini, shafti inazunguka kwenye hewa tupu na chuma kinasugua chuma.

Ukiilaza friji, oili inahamia ubavuni. Mdomo wa paipu nene uko wazi ndani ya kompresa, na kila gari linapoingia shimoni oili inaruka na kuingia humo, mpaka nyingine inafika kwenye sehemu ya kugandishia. Ndiyo sababu nimesema paipu hiyo iwe juu. Inapunguza oili inayotoroka, lakini haiizuii yote.

Sasa fikiria umewasha hapohapo. Pistoni inavuta oili badala ya gesi. Gesi inabanika, oili haibaniki. Kinachopokea kishindo hicho ni vali, ambazo ni vibati vyembamba kama wembe. Zinapinda au zinavunjika. Oili inayopenya vali inasukumwa mpaka kwenye kapilari, ule mrija ambao tundu lake halifiki milimita moja, na hapo gesi inapita kwa shida.

Hili liliwahi kunila mchana mzima. Nilikuwa Igoma, friji imetoka Shinyanga imelala, nami nikaiwasha baada ya nusu saa. Ikagonga tako-tako mara chache, ikaguna, kisha klik, ikazima. Baada ya dakika chache ikaguna tena, klik. Nikabadilisha relei, nikabadilisha ovalodi, nikapima umeme wa ukutani, vyote vizima. Jioni nikaiacha. Asubuhi nikaichomeka na ikawaka bila kuguswa, kwa sababu oili ilikuwa imerudi usiku. Lakini haikugandisha vizuri tena. Nilipofunga geji, presha ya upande wa kuvuta na ya upande wa kusukuma zilikuwa karibu sawa huku kompresa inazunguka. Vali ilikuwa imeshapinda. Mwenye friji nilimnunulia kompresa nyingine.

Tangu hapo ninatumia vipimo viwili tu. Friji iliyolala chini ya saa moja, kutoka Buzuruga hadi Nyegezi kwa mfano, inasubiri saa 4. Iliyolala zaidi ya hapo, au usiyoijua ililala muda gani, inasubiri saa 24. Vitabu vya watengenezaji vinatofautiana. Kama cha friji yako kinataja muda mrefu zaidi, fuata hicho. Wapo mafundi wanaosema subiri saa zilezile ilizolala. Mimi siikubali hesabu hiyo, kwa sababu oili inaondoka kwa kumwagika na kurushwa, lakini inarudi kwa kuteleza, imegandamana na ukuta wa paipu. Kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda. Na ile iliyonasa kwenye vikunjo vya sehemu ya kugandishia hairudi kwa kusubiri, inarudishwa na gesi friji ikishaanza kufanya kazi. Unachosubiri ni oili ya kutosha ikae chini ya kompresa na mdomo wa paipu usafike.

Watu wengi wanakosea mahali pa kuanzia kuhesabu. Friji ya yule mama ililazwa saa 2 asubuhi. Saa 7 mchana ikashushwa Nansio, ikasimamishwa bandarini, kisha ikalazwa tena kwenye toyo hadi dukani, ikasimama saa 8 na nusu. Jioni akanipigia, kreti za soda zimeshaingia.

"Fundi, si imesimama tangu saa saba?"

"Hapana mama, toyo imeifuta hiyo. Anza saa 8 na nusu."

"Basi hii friji gadi niliyonunua si italinda?"

Friji gadi inachelewesha umeme kwa dakika chache, ili presha ya gesi isawazike baada ya umeme kukatika. Oili haiijui kabisa. Usiitumie kama kibali cha kuwasha mapema. Mama alinunua barafu akazipoza soda kwenye beseni usiku huo.

Wakati wa kusubiri, isimame wima mahali itakapokaa, milango wazi, plagi ikiwa nje. Usiiinamishe wala kuitikisa ili "oili ishuke haraka", na usiigonge kompresa.

Hatua ya 4: Kuwasha

Washa ikiwa tupu. Sikiliza dakika ya kwanza, inatakiwa mvumo mmoja ulio tulivu. Baada ya dakika kumi hivi gusa paipu nyembamba kwa kidole, kwa tahadhari, inapaswa kuwa ya moto. Ikishapoa ndani, baada ya saa tatu au nne, ndipo uweke vitu. Ya Ukerewe iliwashwa kesho yake saa 8 na nusu mchana, na jioni ilikuwa imetanda barafu.

Kama umeshaiwasha mapema

Ukisikia tako-tako, au mguno na klik, chomoa plagi sasa hivi. Usijaribu mara ya pili kuona kama itakubali. Iache wima saa 24, kisha jaribu mara moja. Ikiwaka na kugandisha, umepona. Ikiwaka lakini barafu ikashika kona moja tu, huenda kapilari ina oili. Ipe siku nzima izunguke, mara nyingine gesi inaisukuma yenyewe. Isipobadilika, au ikiendelea kuguna na kuzima, mwite fundi mwenye geji, na umwambie tangu mlangoni kwamba friji ilisafiri imelala na kwa saa ngapi. Ukinyamaza ataanza kwa kuongeza gesi, na gesi haikupungua.