SOMO: Kuzuia homa ya nguruwe ya Afrika isiingie kwenye banda lako dogo

Wafugaji wenzangu habari zenu. Leo naongelea homa ya nguruwe ya Afrika, ile inayoua karibu wote bandani na haina dawa. Somo ni la mwenye nguruwe wachache, banda moja au mawili na msaidizi mmoja, maana ushauri mwingi umeandikwa kwa wenye mashamba makubwa yenye geti na bafu la wafanyakazi, sasa wewe wa nguruwe watano unausoma unaona haukuhusu unaacha kila kitu.

Kwanza ujue kirusi kinapita wapi. Hakiruki na upepo kutoka kijiji hadi kijiji. Kinasafiri kwenye damu, nyama, mate na kinyesi cha nguruwe mgonjwa, kwenye vitu vilivyogusa hivyo vyote (viatu, kamba, visu, gari la kubebea nguruwe), na pale wanapopatikana, ndani ya papasi. Kwenye nyama iliyogandishwa kinakaa miaka, na kwenye nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi kinakaa miezi. Mwaka 1957 kiliingia Ureno hivyo hivyo, nguruwe wa karibu na Lisbon walilishwa mabaki ya chakula yaliyotoka kwenye ndege. Hakuna nguruwe mgonjwa aliyepandishwa ndege, ni mabaki tu.

HATUA YA 1: Mabaki ya jikoni

Hapa ndo wengi tunapoumia kwa hiyo nakaa kidogo. Chukua mfano huu. Jirani nguruwe wake amekufa ghafla, hataki hasara, anamchuna anauza nyama bei ya kutupa. Msaidizi wako ananunua kilo moja, anaiosha nyumbani, maji ya kuoshea na vipande vya ngozi vinaingia kwenye ndoo ya mabaki, asubuhi ndoo inakuja bandani. Nguruwe mmoja tu aliyefikia kile kipande ndo anapata. Siku kadhaa zinapita kimya (mara nyingi ni kati ya siku 4 na 19), halafu huyo mmoja anaanza kukataa chakula, anapata homa, anakufa. Wengine wanaonekana wazima kabisa kwa hiyo mwenye banda anasema huyu kala sumu, anamchinja haraka kabla hajafa auze, damu inamwagika pale pale, na hiyo damu ndo imejaa kirusi kuliko kitu kingine chochote. Wiki inayofuata wanaanguka waliobaki, na nyama imeshafika kwenye nyumba kumi nyingine.

Kwa hiyo njia salama ni kutolisha mabaki yenye nyama kabisa, na nchi nyingi sheria inakataza hata yaliyopikwa. Kama unakoishi inaruhusiwa na huna njia nyingine, pika kweli kweli: joto lisishuke chini ya nyuzi 90 kwa saa nzima huku unakoroga muda wote. Kuchemka juu juu dakika kumi ukaepua hakusaidii, kwa sababu kipande kinene na mfupa katikati vinakuwa bado havijaiva wakati juu povu linaruka. Halafu kosa ambalo watu hawalioni: ndoo iliyoleta mabaki mabichi ndo hiyo hiyo inabeba yaliyopikwa kwenda bandani. Ukifanya hivyo umeunguza kuni bure. Ndoo ziwe mbili, rangi tofauti, na ya mabichi isivuke kwenda upande wa banda hata siku moja.

HATUA YA 2: Mstari na gambuti

Chora mstari mbele ya mlango wa banda. Iwe ubao uliolazwa chini au tofali, chochote kinachokulazimisha kunyanyua mguu. Nje ya mstari kuna viatu vya kawaida, ndani kuna gambuti na ovaroli ambavyo havitoki kamwe. Unavua kiatu upande wa nje, unanyanyua mguu, unakanyaga moja kwa moja ndani ya gambuti. Mguu wenye kiatu cha nje haugusi ndani basi, hiyo ndo kanuni yote. Unanawa mikono kwa sabuni ukiingia na ukitoka. Mgeni, mnunuzi, mtu wa kupima uzito, wote wanaishia kwenye mstari, na mnunuzi anayezunguka mabanda ya watu siku nzima ndo wa kuogopa kuliko wote hata kama ni rafiki yako. Anayetaka kuona nguruwe mtolee nje ya mstari, na akishatoka hivyo ukaghairi kuuza, usimrudishe kwa wenzake, mtenge kama nguruwe mpya wa Hatua ya 4.

Wengi mnaniuliza kuhusu beseni la dawa mlangoni. Beseni peke yake halitoshi, nitaeleza kwa nini. Klorini inahitaji nguvu ya asilimia 2.3 na dakika 30 za kukaa, na kiatu kiwe kimeshasuguliwa kwa sabuni na brashi hadi hakina uchafu, kwa sababu kinyesi kinaila klorini yote. Mtu anayechovya kiatu chenye tope sekunde mbili anapita, hajaua kitu. Ndo maana nasema gambuti za ndani kwanza, dawa baadaye, kwa ajili ya kuoshea vifaa na sakafu.

Kuchanganya: angalia chupa yako imeandikwa asilimia ngapi. Kama ni 5, ukitaka lita 10 za dawa, chukua lita 4.6 za klorini ongeza maji hadi zifike lita 10. Kama ni 3.5 unahitaji kama lita 6.6 za klorini. Ndio ni nyingi, na ndo maana ule mtindo wa kifuniko kimoja kwenye ndoo haufanyi kazi. Changanya siku ile ile unayotumia, vaa glavu, na usichanganye klorini na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye asidi, inatoa hewa ya sumu.

HATUA YA 3: Papasi

Hii inawahusu walioko sehemu zenye papasi, hasa kama karibu kuna ngiri. Ngiri anabeba kirusi bila kuumwa na papasi wanaishi kwenye mashimo yake. Papasi sio wale kupe wagumu unaowaona wameng'ang'ania ng'ombe mchana. Huyu ana ngozi laini yenye mikunjo, rangi ya udongo, mdomo uko chini huuoni ukimwangalia kwa juu. Anatoka usiku, ananyonya muda mfupi, mara nyingi haifiki hata saa moja, anarudi kwenye ufa. Ndo maana unamkagua nguruwe mchana humwoni, ukadhani huna.

Kumtafuta: chukua kisu chembamba, kwangua nyufa za ukuta na udongo ulioko chini ya ukuta, mwaga kwenye kitambaa cheupe juani halafu subiri. Papasi akishtuka anajikausha kama kokoto, ukiangalia dakika moja ukaondoka utasema hakuna. Ngoja jua limpashe, ataanza kutembea.

Ukimpata, kumwogesha nguruwe dawa ya kupe hakusaidii sana maana papasi hayuko mwilini mwake muda mwingi, na kupuliza ukutani kunawafikia walioko juu tu, walioingia ndani ya ufa wanabaki. Kinachosaidia ni kumnyima pa kulala: piga plasta ya saruji laini, ziba nyufa zote hadi pale ukuta unapokutana na sakafu, ondoa magogo na mawe yaliyorundikwa pembeni. Banda la udongo na fito lenye papasi wengi ni bora ulivunje ujenge kwingine, naongea hivi kwa sababu papasi anakaa na kirusi miaka mingi, hata bila kula.

HATUA YA 4: Nguruwe mpya

Atengwe siku 30, mbali na wengine, ndoo zake na gambuti zake, na ahudumiwe wa mwisho kila siku. Mpime joto kila asubuhi. Kawaida ni kama 38 hadi 39.5, ukiona 40.5 kwenda juu usisubiri, piga simu kwa daktari wa mifugo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi sina dume, naazima kwa jirani anakuja siku mbili anarudi. Hiyo nayo ni hatari?

Jibu: Marahaba. Ni hatari sana, dume la kuzunguka linagusana pua kwa pua na majike ya kila banda, na linaweza kuwa limeambukizwa halijaonyesha dalili. Bora upandishe kwa chupa kama mtaalamu yupo na mbegu zinatoka sehemu inayopimwa. Kama hakuna, kubalianeni watu wawili watatu muwe na dume lenu la pamoja ambalo haliendi kwingine kabisa.

Swali: Mkuu kuna jamaa anauza sindano anasema inatibu, mwingine ana chanjo. Ninunue?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Antibayotiki haziui kirusi. Chanjo zipo, Vietnam walianza kuziruhusu mwaka 2022, ila ni za kirusi hai kilichopunguzwa makali na nchi nyingi bado hazijaziruhusu. Ya mlango wa nyuma inaweza ikakuletea ugonjwa wenyewe bandani. Na huyo wa sindano anatoka banda la mgonjwa anakuja kwako na sindano ile ile.

Swali: Nguruwe wangu ana masikio mekundu kama zambarau na hali chakula, wengine wazima. Nimchinje tule? Nasikia binadamu hapati.

Jibu: Kweli binadamu hapati, lakini usichinje dada, damu na nyama ndo vitamaliza wa kwako waliobaki na wa majirani. Usimuuze pia. Funga banda, asitoke mtu wala kitu, piga simu kwa daktari wa mifugo leo hii sio kesho. Akifa usimpasue, mfunike mbwa wasimfikie, na mzike kwa maelekezo ya daktari. Na usijipe jibu kwa macho tu, kuna homa ya nguruwe nyingine ya kawaida na ugonjwa wa mabaka mekundu, vinafanana, maabara ndo inatofautisha.

Swali: Mwaka jana walikufa wote. Nimeshasafisha kwa dawa, banda liko tupu miezi miwili. Naweza kurudisha?

Jibu: Pole sana kaka. Kama banda ni la saruji, limesuguliwa, limewekwa dawa, na daktari ameridhika, wengi wanaanzia siku 40 na kuendelea, halafu unaingiza wawili tu wa majaribio unawaangalia kama wiki 6 kabla ya kuleta wengine. Ila kama banda lina papasi hizo siku hazihesabiki. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2002 zilitaka shamba ambalo ugonjwa umehusishwa na wadudu hao likae angalau miaka 6 bila nguruwe. Kwa hiyo kabla hujanunua hata mmoja fanya ile ya kisu na kitambaa cheupe, kwangua kuta zote nne, na kama yupo hata papasi mmoja, jenga banda jipya mbali na lile.