Kutafsiri ujumbe wa kumkumbusha ndugu deni bila kumshutumu

Ujumbe wa namna hii hunijia mara kwa mara: mtu ameuandika kwa Kiingereza, na anayeupokea ni mjomba, shangazi au binamu anayesoma Kiswahili. Kwa Kiingereza unasomeka mpole. Ukiufuata neno kwa neno, unatoka hivi:

"Habari mjomba. Natumaini uko salama. Ninakukumbusha tu kwa upole kwamba bado hujalipa nusu ya pesa niliyokukopesha. Uliahidi kuilipa mwisho wa mwezi uliopita. Tafadhali nijulishe utalipa lini. Ninaihitaji kwa ajili ya ada kabla ya tarehe 15."

Sarufi iko sawa, ila mjomba akiusoma ataona ameshtakiwa. Tuurekebishe.

Hatua ya 1: Muulize mwenye ujumbe mambo matatu

Anamwitaje huyo ndugu? Tarehe ya kurudisha pesa waliipanga wote wawili au mjomba aliitaja mwenyewe? Na je, hii ni mara ya kwanza kumkumbusha? Majibu haya ndiyo yanayoamua maneno. Katika mfano wetu ni mjomba wa kuamkiwa, tarehe waliipanga pamoja, na hajawahi kukumbushwa.

Hatua ya 2: Tafuta kila "u" na "ku" inayomlenga yeye

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Hesabu: ninakukumbusha, hujalipa, niliyokukopesha, uliahidi, utalipa. Vitenzi vitano, vyote vinamnyooshea kidole. Kiswahili kina njia nyepesi ya kutoka hapo: ifanye pesa iwe mtendaji, au wafanye wote wawili kuwa watendaji.

"Hujalipa" inakuwa "haijarudi", au vizuri zaidi, "nusu iliyobaki". "Uliahidi" inakuwa "tulikuwa tumeongea". Hiyo ya pili itumie tu kama kweli waliongea. Ndiyo sababu niliuliza mapema. "Ninakukumbusha" inadokeza kwamba amesahau, au amejisahaulisha, ilhali "naomba tukumbushane" inawaweka upande mmoja.

"Niliyokukopesha" inahitaji uangalifu. Wengi hukimbilia "niliyokusaidia". Usifanye hivyo. Kwanza ni masimango, pili msaada haurudishwi, kwa hiyo umelifuta deni la mtu bila ruhusa yake. Mimi huandika "ile pesa tuliyoazimana". Kilichoazimwa hurudi, na hilo "ile" linatosha kuonyesha kwamba wote wanajua inayozungumzwa.

Hatua ya 3: Ondoa upole wa kutangaza

"Kwa upole" na "tu" zifute. Anayetangaza upole wake anamfanya msomaji ajiulize ukali ungekuwaje. "Tafadhali nijulishe" ni lugha ya barua za ofisini. Kwa ndugu, "naomba" inatosha. Pia epuka "lakini" baada ya salamu, kwa sababu hapo salamu yote inageuka chambo.

Hatua ya 4: Panga upya

Salamu kamili kwanza. Kisha sababu ije kabla ya swali, ili mjomba aone shida ya mpwa wake kabla ya kuombwa jibu. Swali lenyewe liwe la kushauriana:

"Shikamoo mjomba. Habari za nyumbani? Natumaini wote hamjambo. Mjomba, naomba tukumbushane kuhusu ile pesa tuliyoazimana. Nusu iliyobaki tulikuwa tumeongea irudi mwisho wa mwezi uliopita. Sasa nina ada ya kulipa kabla ya tarehe 15, ndiyo maana nimeona nikutafute mapema. Unaonaje, itawezekana kufikia siku hiyo? Nasubiri neno lako."

Ningependa kuongeza "nusu ya kwanza ilinifikia, nashukuru", maana ingelainisha sana. Ila si yangu kuongeza. Nampendekezea mwenye ujumbe, akikubali naiweka.

Hatua ya 5: Pima kama deni bado limo

Tafsiri ya namna hii huharibika zaidi kwa kulainishwa kupita kiasi kuliko kwa ukali. Maneno matatu huponyoka kirahisi: "ukipata", "hakuna haraka" na "usijali". Hayamo kwenye ujumbe wa asili, na kila moja linaiua tarehe 15. Mjomba atajibu "sawa mwanangu, nikipata nitakuona", na atakuwa ameelewa sawasawa ulichoandika.

Mpe mtu asiyejua habari hiyo asome, kisha muulize: huyu anaomba nini, na anakihitaji lini? Akisema "anasalimia tu" au "anaomba akopeshwe", rudisha "nusu iliyobaki" na tarehe karibu na swali. Akijibu yote mawili sawa, muulize la tatu: wewe ungekuwa mjomba, ungejibu leo au ungezima simu? Akisita, tazama tena vile vitenzi vya hatua ya 2. Mara nyingi kuna "u" moja imebaki.