Chai ya msibani: saa ya kuitoa na kiasi cha kupika

Nimekuwa mpishi wa misiba ya mtaani kwetu Temeke kwa miaka mingi. Chakula kupungua huwa tunakitafutia njia. Kutoka saa isiyo yake ndiyo aibu. Tuchukue msiba wa watu 150, maziko baada ya sala ya adhuhuri.

Hatua ya 1: Uliza ratiba kabla ya kuwasha moto. Mtafute msemaji wa familia, mmoja tu. Maiti inafika saa ngapi, inaoshwa wapi, jeneza linatoka saa ngapi? Kama linatoka saa 6, mimi naanza kugawa chai saa 2 na kufunga saa 4. Maiti ikishaingia, masufuria yanafunikwa, vikombe vinakusanywa, na hakuna anayepita na sinia. Siku moja tulichelewa, jeneza likatoka watu wameshika maandazi. Nilitamani ardhi inimeze.

Hatua ya 2: Piga hesabu. Lita moja hujaza vikombe vitano vya kawaida. Wengine watarudia, basi pika vikombe 200, yaani lita 40 za chai ya rangi: majani robo kilo, sukari kilo tatu, tangawizi ya kutwanga. Kabla ya kumwaga sukari, chota birika moja uliweke kando kwa wenye kisukari. Wapo kila msiba, na wengi huona haya kuuliza. Maandazi ni mawili kwa kila mtu. Kilo ya unga hutoa kama 25, hivyo kanda kilo 12. Msiba haufukuzi mtu, kwa hiyo weka mihogo ya akiba: unaichemsha kidogo kidogo kadiri watu wanavyoongezeka.

Hatua ya 3: Anza na wachimba kaburi. Chupa ya chai, maandazi na maji vitangulie makaburini asubuhi. Hawa ndio husahaulika.

Hatua ya 4: Wafiwa wapelekewe ndani. Hawapangi foleni. Mpe sinia shangazi au jirani wanayemzoea, amwambie mfiwa, "Kunywa hata funda moja, mwanangu," kisha amwache. Mwezi wa Ramadhani chai ya mchana haipo. Nguvu zote zihamie kwenye futari.

Hatua ya 5: Chakula cha waliotoka makaburini. Kilo ya mchele hutosha watu wanane. Wengi huagana palepale makaburini, kwa hiyo kwa watu 150 mimi hupika kilo 15 badala ya 19. Bandika wali jeneza likishaondoka. Maharage ndiyo ya kuangalia: yakipikwa alfajiri na kufunikwa kabisa yangali moto, huchacha. Ukiona povu juu na harufu ya uchachu, mwaga, hata kama watu wameshanawa. Ndiyo maana mimi huyabandika saa 4, chai inapofungwa.