Hindi Lililokomaa Bado Si Nafaka

Swali la kama hindi ni nafaka, mboga au tunda huulizwa kama fumbo, lakini mkulima anayelichukulia hivyo hupoteza mavuno. Majibu yote matatu ni sahihi, kila moja kwa wakati wake.

Mboga ni hindi bichi, siku 18 hadi 24 hivi tangu ndevu zichomoze, wakati ukiibonyeza punje kwa ukucha hutoa maziwa. Hilo mnalijua, sitalirefusha.

Kwa mtaalamu wa mimea, kila punje ni tunda kamili. Imetokana na ovari moja iliyokuwa na unywele wake mmoja, na ganda la tunda limegandana na ganda la mbegu hata huwezi kuyatenganisha. Tunda hilo hukomaa siku 55 hadi 65 baada ya ndevu kutoka. Ng'oa punje katikati ya gunzi, utazame ncha iliyokuwa imeshikana nalo: ukikuta doa jeusi, mmea umeacha kuilisha.

Hapa ndipo kosa linapofanyika. Mkulima anaona doa jeusi na maganda ya kahawia, anasema mahindi tayari, anapukuchua na kufunga magunia. Tunda limekomaa, ndiyo, lakini punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa iwe na asilimia 13 tu.

Pigeni hesabu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 30 zina kilo 70 za punje halisi. Yakikaushwa hadi asilimia 13, hubaki kama kilo 80 na nusu. Kwa hiyo aliyefunga gunia mapema amefungia humo lita 19 na nusu za maji yaliyozidi. Gunia hupata joto, ukungu huota, na sumukuvu ikishaingia haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika upya.

Acheni kupima kwa kung'ata! Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia punje hadi theluthi yake, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha mahindi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Isiponata, msikimbilie gunia. Chumvi inawaambia tu kwamba mmeshuka chini ya 15, haiwaambii kama mmefika 13. Anikeni siku moja au mbili zaidi za jua kali, mkigeuza mara kwa mara, na jioni myafunike yasinywe umande. Pimeni kila rundo peke yake, maana la chini ya mti hukawia.

Yaliyokauka vizuri hulia kama changarawe yakimiminwa.