Kabla hujamjibu mteja aliyewaka, angalia haya kwanza

Meseji imeingia asubuhi, hujakaa hata vizuri: "Mimi sio mtoto wenu wa kudanganywa. Hii mara ya tatu nawaandikia. Mnasema mzigo umefika, umefika wapi?? Viatu vilikuwa vya mwanangu vya jumamosi na jumamosi imeshapita. Nirudishieni hela yangu matapeli nyie."

Vidole vinawasha, najua. Neno matapeli linauma hasa kama hiyo oda hukuishika wewe. Ila usijibu bado, isome mara mbili. Ya kwanza ipite tu na matusi yake yote, ya pili tafuta vitu vitatu: anadai nini kimetokea, kimemgharimu nini, na anataka nini SASA HIVI. Hapa watu wengi wanateleza, kwa sababu wanasoma malalamiko ya kwanza wanadhani ndio hayo hayo. Huyu mama ijumaa alikuwa anataka viatu. Leo jumanne hataki viatu tena, anataka hela. Ukimjibu kwa furaha eti "tunakutumia pea nyingine leo leo" utakuwa umemwonyesha kwamba hukusoma, maana shughuli ya mtoto imeshapita na hivyo viatu havina kazi.

Halafu nenda kwenye rekodi, usikae unakisia. Chukua karatasi au fungua noti kwenye simu, andika kila tukio na muda wake, kuanzia alipolipa mpaka dakika hii, na kwenye mstari huo huo weka mawasiliano yenu pia, sio safari ya mzigo peke yake. Ya huyu mama ilitoka hivi: jumatatu kalipa, jumatano mzigo umetoka stoo, ijumaa 17:40 dereva kabonyeza kwamba umefika, hakuna picha, kwenye sehemu ya saini kuna mstari tu umechorwa. Ijumaa hiyo hiyo 20:15 mama kaandika mara ya kwanza, akapewa lile jibu la kunakili la subiri saa 48. Jumapili kaandika tena, kimya. Leo ndio ya tatu. (Ukimwandikia yeye geuza hizo saa, 17:40 ni saa 11:40 jioni, nimeshaona ugomvi mpya unazaliwa kwa sababu mtu kaandika "saa 5:40" na mteja akaona ni uongo mwingine.)

Ukishaona mstari mzima ndio unagundua kosa liko wapi. Mzigo kupotea kunatokea, lakini kilichomfanya aite watu matapeli ni ile jumapili ya kimya. Na angalia pia rekodi haisemi nini: inasema dereva alibonyeza kitufe, haisemi mama alipokea. Kwa hiyo usithubutu kumwandikia "ulipokea mzigo ijumaa". Andika "rekodi yetu inaonyesha umefika, lakini haina picha wala saini inayosomeka, kwa hiyo hatuna uthibitisho kwamba ulikufikia". Hiyo ni kweli tupu na haimwiti yeye mwongo.

Kitu cha tatu kabla hujaandika neno lolote la pole, jua una uwezo wa kufanya nini. Piga simu kwa mwenye mamlaka ya kurudisha hela, uliza inaruhusiwa au la, nani anabonyeza, leo au kesho, na ikishatoka huku kwenu inachukua muda gani kumfikia. Kama alilipa kwa kadi kumbuka benki yake nayo ina muda wake, mara nyingi siku kadhaa za kazi, na wikiendi huwa haihesabiwi. Ukiahidi "leo utaipata" na ahadi ikagoma, umetengeneza lalamiko la nne kwa mkono wako. Mimi huwa naomba hela irudishwe kwanza NDIO naandika, ili niseme "tumerudisha", sio "utarudishiwa". Mtu aliyeshaambiwa asubiri saa 48 hana hamu na ahadi nyingine ya mbeleni.

Kama haiwezekani kupata jibu muda huo basi mwandikie fupi tu, kwamba umesoma zote tatu, nani anafuatilia, na utamrudia saa ngapi. Saa hiyo ikifika mwandikie hata kama huna jipya.

Sasa maneno yenyewe. Kwenye Kiswahili tuna mtego, nao ni "pole". Pole unampa hata mtu aliyenyeshewa na mvua ambayo hukuileta wewe, haibebi kosa. Kwa hiyo "pole kwa usumbufu" peke yake, pale ambapo kosa ni lenu, mteja anaisikia kama mmejitoa. Pole iende kwenye kilichomkuta (jumamosi ya mtoto), samahani iende kwenye mlichofanya nyie (kutojibu jumapili). Na usiweke "kama" hapo, "samahani kama tumekukosea" inamrudisha kwenye kuthibitisha upya. Hata kitenzi kinaficha watu, "meseji haikujibiwa" utadhani ilitokea yenyewe tu, andika "hatukukujibu". Na "naelewa hasira zako" iache kabisa, mtu hajakuuliza kuhusu hasira zake, kakuuliza kuhusu hela.

Mimi ningemwandikia hivi:

"Habari za asubuhi mama. Nimesoma meseji zako zote tatu. Pole sana, mtoto kukosa viatu siku aliyokuwa anavisubiri ni kitu kinachouma. Samahani, ijumaa tulikujibu jibu la jumla na jumapili hatukukujibu kabisa, hilo ni kosa letu. Rekodi inaonyesha mzigo ulifika ijumaa saa 11:40 jioni lakini haina picha wala saini inayosomeka, kwa hiyo hatuna uthibitisho kwamba ulikufikia. Leo saa 3:20 asubuhi tumerudisha hela yako yote pamoja na ya usafirishaji, skrinshoti hiyo hapo. Benki yako inaweza kuchukua siku kadhaa za kazi kuionyesha. Ijumaa saa 4 asubuhi nitakuandikia mimi mwenyewe kuuliza kama imeingia. Kama haijaingia nitakutumia namba ya muamala uwape benki waifuatilie."

Hakuna maelezo ya dereva, hakuna "tulikuwa na oda nyingi". Ya dereva mtamalizana ndani. Na neno matapeli nimelipita kama sijaliona, ukilijibu mtahamia kwenye kubishana heshima na hela itasahaulika.

Kama kalalamika hadharani mbele ya watu, weka pole, samahani na hatua mliyochukua hapo hapo waone, ila namba ya oda, simu na skrinshoti ya malipo peleka inboksi. Na kama analosema ni kwamba bidhaa imemuumiza mtu, simama, muulize mgonjwa anaendeleaje, mwambie asiitumie tena na aitunze, kisha pandisha kwa bosi kabla hujaandika chochote kuhusu chanzo, maana chanzo hukijui bado.

Kabla ya kutuma isome kwa sauti. Angalia jina, angalia kama ni mama au kaka (kama hujui tumia jina tu), halafu weka alamu ya ijumaa saa 4 kasoro dakika kumi. Hiyo ijumaa hakuna atakayeikumbuka pale ofisini, ni wewe na yeye tu.