Kwa nini "Siaya" ilisikika imefifia: kupima na kurekebisha mlegeo baada ya kigeuzi cha dijitali

Mwenyekiti wa steji moja ya matatu hapa Kisumu aliniletea boksi la matangazo. Ndani mna ESP32, kigeuzi cha biti 12 cha MCP4921, amplifaya ndogo na waya wa kwenda kwenye spika ya honi. Sauti zimerekodiwa kwa sampuli 8000 kwa sekunde. "Fundi," akaniambia, "huyu anayetangaza Siaya, Usenge na Busia ni kama amefunika mdomo kwa leso." Faili lenyewe nikilisikiliza kwenye kompyuta, herufi *s* ilikuwa safi. Kwa hiyo kitu kilikuwa kinapotea baada ya namba kutoka kwenye programu.

Nitakuonyesha nilivyoshughulikia boksi hilo, na wapi nilijidanganya mwenyewe kabla ya kufika.

Hatua ya 1: Elewa kigeuzi kinafanya nini na namba zako

Kigeuzi kikipewa namba, kinatoa volti yake na kuishikilia hapohapo mpaka namba inayofuata ije. Kwa sampuli 8000, kila volti inakaa maikrosekunde 125. Ukiangalia kwenye osiloskopu utaona ngazi. Huu ndio unaoitwa mshikilio wa oda sifuri.

Nadharia ya sampuli haikuahidi ngazi. Inadai kila sampuli ibebe wimbi la sinki (si ile ya kuoshea vyombo), ambalo lina kimo kamili kwenye wakati wa sampuli yake na sifuri kamili kwenye wakati wa kila sampuli nyingine. Ukijumlisha mawimbi hayo yote unapata sauti ya awali bila kasoro, mradi haikuwa na masafa ya kufika hezi 4000. Tatizo ni kwamba mkia wa sinki unapungua polepole sana na hauishi upande wowote. Ili utoe volti ya sasa hivi ungehitaji sampuli zote zilizopita na zote ambazo hazijafika. Hakuna saketi inayoweza hilo.

Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu sinki inatokea mara mbili. Kwenye njia bora, umbo la sinki liko kwenye wakati, na upande wa masafa ni mstari ulionyooka mpaka hezi 4000, kisha unakatika. Kwenye mshikilio, wakati ndio wenye umbo la boksi, na sinki imehamia upande wa masafa. Wawili hawa wamebadilishana nguo. Kwa hiyo kila toni yenye masafa f, ikipita kwenye kigeuzi cha sampuli fs kwa sekunde, inazidishwa na kiasi hiki:

```
sin(pi*f/fs) / (pi*f/fs)
```

Kwa hezi 375 jibu ni 0.996, yaani hakuna kilichopotea. Kwa hezi 1500 ni 0.943. Kwa hezi 3000 ni 0.784, upungufu wa desibeli 2.1. Ukingoni kabisa, hezi 4000, upungufu ni desibeli 3.9. Huu ndio mlegeo. Hautokani na kigeuzi kibovu. Hata ukinunua cha bei mara kumi, kikishikilia sampuli namna hiyo kitalegea vilevile.

Hatua ya 2: Pima, lakini si kwa kifaa kilicho karibu na mkono

Nilitengeneza toni mbili ndani ya programu, hezi 375 na hezi 3000, zote zikiwa na kimo cha 1000 juu na chini ya 2048. Nikaweka osiloskopu kwenye pini ya kutokea. Kutoka kilele hadi kilele, zote zilikuwa sawasawa. Nikachukua mita inayosoma thamani halisi ya volti za mkondo geu hadi masafa ya juu. Sawasawa tena! Nilikunywa chai nzima nikiamini fomula imenidanganya.

Jibu lilikuwa kwenye namba zenyewe. Toni ya hezi 3000 kwa sampuli 8000 inazunguka hivi: 0, 0.707, -1, 0.707, 0, -0.707, 1, -0.707. Ngazi zinafika 1 na -1 kama kawaida. Wastani wa mraba wake ni 0.5, sawa kabisa na wa wimbi laini. Mshikilio haupotezi nguvu, unaihamisha. Kilichotoka kwenye hezi 3000 kimehamia kwenye vivuli vyake, yaani nakala za toni hiyo kila upande wa hezi 8000, 16000 na kuendelea: hezi 5000, 11000, 13000 na zaidi. Mita inajumlisha vyote pamoja na kukuambia mambo ni shwari. Katika toni hii, ni kama asilimia 61 tu ya nguvu iliyobaki kwenye hezi 3000 zenyewe.

Kwa hiyo lazima upime kila masafa peke yake. Kama osiloskopu yako haichambui masafa, kadi ya sauti ya kompyuta inatosha. Pitisha ishara kwenye kapasita ya maikrofaradi 10, kisha igawe kwa resista za kiloomu 10 na kiloomu 1 ili usiibamize pembejeo. Rekodi kwa 48000 ndani ya Audacity, fungua `Plot Spectrum`, chagua `Hann` na ukubwa wa `8192`. Toni za 375, 1500 na 3000 sikuzichagua kwa kupenda: kwa mpangilio huo zinaangukia katikati ya vijisanduku vya uchambuzi, hivyo kimo chake hakipunjwi. Ukitumia 1000, dirisha litakuibia sehemu ya desibeli, na wewe unatafuta desibeli mbili tu.

Tofauti unayotarajia kati ya 375 na 3000 ni desibeli 2.1. Ukiipata, ni mlegeo wa mshikilio. Ukipata zaidi, kuna mwizi wa pili. Kwenye pini ya kigeuzi nilipata ile niliyoitarajia, lakini kwenye pembejeo ya amplifaya ilikuwa karibu 4.6. Aliyejenga boksi aliweka kichujio cha resista ya kiloomu 1 na kapasita ya nanofaradi 47, ambacho kona yake, yaani masafa ambapo kinakuwa kimekata desibeli 3, iko karibu na hezi 3400. Chenyewe kinakula desibeli 2.5 kwenye hezi 3000. Jumlisha hao wawili, na toni hiyo inabaki na chini ya asilimia 60 ya kimo chake. Leso ndiyo hiyo.

Hatua ya 3: Rekebisha mlegeo kabla ya kigeuzi

Kwa kuwa tunajua mlegeo una umbo gani, tunainua masafa ya juu kwenye namba kabla hazijaenda kwenye kigeuzi. Kichujio kifupi cha vizidishi vitatu kinatosha: -1/16, 9/8, -1/16. Kwa hesabu ya namba kamili:

```c
int16_t x1 = 0, x2 = 0;

int16_t rekebisha(int16_t x) {
  int32_t y = 18L * x1 - x - x2;
  x2 = x1;
  x1 = x;
  return y >> 4;   // gawa kwa 16
}
```

Kipe sampuli zenye alama, yaani zinazozunguka sifuri, na uongeze 2048 baadaye. Kinachelewesha sauti kwa sampuli moja tu na hakivurugi awamu. Baada ya kukiweka, ukizidisha na mlegeo, hezi 1500 zinapanda kwa desibeli 0.14, na hezi 3000 zinabaki chini kwa 0.43 badala ya 2.1. Unaweza kuongeza vizidishi ili 3000 inyooke kabisa, lakini ukiwa na vitatu tu, ukiivuta hiyo juu, zile za katikati zinapanda kupita kiasi. Nilijaribu kunyoosha hezi 3000 barabara, na hezi 2000 zikapanda kwa desibeli 0.4. Nikarudi kwenye hivi.

Sasa mtego. Toni ya hezi 3000 inazidishwa kwa 1.21. Kama ilikuwa imejaza kigeuzi, 2047 inakuwa 2484, na hakuna mahali pa kuiweka. Mara ya kwanza nilisahau, namba zikazunguka kutoka juu hadi chini, na honi ikatoa mlio wa bati linalopasuka. Jumla ya vizidishi bila kujali alama ni 1.25, kwa hiyo punguza sauti yote kwa 0.8 kabla ya kichujio na hutazidi kamwe. Unapoteza desibeli 1.9 za ukubwa. Zirudishe kwenye kitufe cha amplifaya. Weka pia mipaka ya 0 na 4095 mwishoni.

Na kabla ya kunakili msimbo huu, angalia kigeuzi chako ni cha aina gani. Chipu za sauti zinazopokea data kwa I2S kwa kawaida huongeza sampuli zenyewe ndani, na mlegeo unaobaki katika masafa ya sauti ni mdogo sana. Ukirekebisha kisichohitaji kurekebishwa, hezi 3000 zitapanda kwa desibeli 1.7 na kila *s* itachoma masikio.

Hatua ya 4: Vivuli bado vipo

Marekebisho haya hayagusi ngazi. Kichujio cha namba kinajirudia kila hezi 8000, kwa hiyo kinachoinua 3000 kinainua na kivuli cha 5000 kwa kiasi kilekile. Uwiano wao unabaki tatu kwa tano, kama ulivyokuwa. Ndiyo maana yule aliyejenga boksi aliweka kona chini kiasi kile: alikuwa anakimbiza kivuli kilicho jirani sana, kwa kichujio dhaifu.

Dawa ni kukisogeza kivuli mbali. Nilipandisha kasi ya kigeuzi hadi 32000. Usirudie kila sampuli mara nne, maana hizo ni ngazi zilezile. Sampuli tatu mpya za katikati lazima zihesabiwe, na hapa ndipo sinki inaporudi kazini, safari hii ikiwa imekatwa. Nilichukua sampuli 16 za jirani, nane kila upande, nikazizidisha na sinki iliyofinywa mkia taratibu kwa dirisha la Hann. Ukiikata ghafla bila dirisha, masafa ya chini yanapata mawimbi madogo ya juu na chini. Ukitumia jirani nane tu, kichujio kinaanza kula hezi 3000, na umerudi ulikotoka. Kwa 16 ni mazidisho 384,000 kwa sekunde, kazi nyepesi kwa ESP32.

Kwa kasi hiyo mlegeo kwenye hezi 3000 ni desibeli 0.13, na kile kichujio cha vizidishi vitatu nilikiondoa. Kivuli cha kwanza kimeenda hezi 29000, kikiwa chini ya toni yake kwa desibeli karibu 20. Nikatoa kapasita ya 47 nikaweka ya nanofaradi 15. Kona ikaenda karibu hezi 10600. Hezi 3000 zinapoteza theluthi moja ya desibeli, na kivuli kinashuka desibeli 9 nyingine.

Mwenyekiti alikuja jioni, nikamchezea tangazo mara mbili. Akaniuliza kama nimerekodi upya kwa mtu mwingine.