Mteja akileta nembo ya akili mnemba, mwandikie hesabu

Mteja akikutumia nembo iliyotengenezwa na akili mnemba akitaka ichapwe mgongoni mwa fulana, usibishane naye kuhusu ubora. Mwandikie hivi kwenye barua pepe: "Bosi, picha hii ina pikseli 1024 kwa 1024. Tukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, inatoka safi kwa upana wa sentimita 8.7 tu. Nitaitumia kuchagua rangi na mtindo, ila nembo yenyewe naichora upya kwa vekta, ikuzwe upendavyo." Akishika rula, ubishi unaisha. Kwa bango la barabarani hesabu hii haifui dafu, maana linatazamwa kwa mbali na pikseli chache zinatosha. Hapo vuta picha karibu umwonyeshe herufi zilizopinda.